Volti 5 na utambi mkavu: ugomvi uliofumbua siri ya vepu

Tangu tarehe 1 Juni 2025 ni kosa nchini Uingereza kuuza vepu ya kutumia mara moja na kutupa. Hoja zilizotajwa zaidi zilikuwa mbili: takataka za betri na watoto wa shule. Hoja zote mbili ni za kweli, lakini kelele zake zimefunika jambo ambalo hata wauzaji wengi hawawezi kulieleza: ndani ya kile kijiti kunatokea nini mtu anapovuta?

Wazo lenyewe lina umri wa kutosha kuwa na wajukuu. Herbert Gilbert, mkazi wa jimbo la Pennsylvania huko Marekani, aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1963, akaipata Agosti 1965. Chombo chake kilitumia betri kupasha hewa yenye unyevu na ladha, bila nikotini. Hakuna kampuni iliyokifikisha sokoni, na betri za lithiamu zenye nguvu na umbo dogo zilikuwa bado hazijaanza kuuzwa. Mwaka 2003 mfamasia Mchina, Hon Lik, mvutaji sugu ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu, aliunda kifaa kilichorusha kimiminika chenye nikotini kwa mitetemo ya sauti isiyosikika. Baadaye watengenezaji waliiacha mitetemo wakachukua njia rahisi zaidi: waya unaopata moto.

Waya huo ndio koili. Mara nyingi ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, au wa nikeli na kromi, uliosokotwa kama springi kuzunguka utambi wa pamba. Utambi hunyonya kimiminika kutoka kwenye tangi. Mtu akivuta, kihisi husikia mkondo wa hewa na kuiruhusu betri kupitisha umeme. Katika vifaa vingine ni kitufe kinachobonyezwa. Waya hupata joto, kimiminika kilicho kwenye utambi hugeuka mvuke, na mvuke ukikutana na hewa baridi hugandamana kuwa matone madogo mno. Wingu linaloonekana ni hayo matone, wala si moshi, kwa kuwa hakuna kilichoungua. Angalau hakikupaswa kuungua, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Tarehe 22 Januari 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha Portland, Marekani. Walichukua vepu ya tangi yenye betri inayoweza kubadilishwa volti, wakaivutisha kwa mashine na kupima kilichotoka. Kwa volti 3.3 hawakukuta kitu cha kutisha. Kwa volti 5 walikuta formaldehaidi nyingi, ikiwa imejishikiza kwenye molekuli za kimiminika chenyewe. Wakapiga hesabu kwamba mtu anayemaliza mililita 3 kwa siku angevuta takriban miligramu 14 za sumu hiyo, ilhali pakiti nzima ya sigara 20 hutoa kama miligramu 3. Magazeti ya dunia yakalipuka: vepu inazidi sigara kwa saratani!

Ili kuelewa kwa nini volti zilileta tofauti kubwa hivyo, shika hesabu moja tu. Nguvu ya joto, yaani wati, hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawanya kwa ukinzani wa koili. Tuchukue koili ya omu 2.2, iliyokuwa ya kawaida kwa tangi ndogo za wakati huo. Volti 3.3 huipa wati 5 hivi. Volti 5 huipa zaidi ya wati 11. Volti zimeongezeka kwa nusu tu, lakini joto limezidi maradufu, na utambi ni uleule mwembamba wenye kasi ileile ya kunyonya.

Kimiminika nacho kina tabia zake. Msingi wake ni vitu viwili: propilini glikoli, ambayo ni nyepesi, hubeba ladha vizuri na huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini, nzito na tamu kidogo, inayotoa wingu nene na kuchemka kwenye nyuzi 290. Gliserini ikizidi, kimiminika huwa kizito na hupanda utambini polepole. Ndiyo maana mchanganyiko wa nusu kwa nusu hufaa vifaa vidogo, na wenye gliserini nyingi huhitaji koili yenye matundu mapana.

Utambi ukiwa umelowa, joto la waya linazuiliwa na kuchemka kwa kimiminika, kama sufuria isivyoungua maadamu ina maji. Utambi ukikauka, kizuizi kinaondoka. Joto hupanda, gliserini na propilini glikoli huvunjika, na mabaki yake ni pamoja na formaldehaidi na akrolini, ile harufu kali ya mafuta yaliyoungua jikoni.

Hapo akaingia Konstantinos Farsalinos, daktari wa moyo kutoka Ugiriki. Hoja yake ilikuwa rahisi: mashine haina ulimi. Mvutaji akivuta utambi mkavu, ladha inakuwa chungu na kali mno, naye huacha mara moja au hupunguza nguvu. Mwaka huohuo wa 2015, katika jarida la Addiction, alionyesha kwamba formaldehaidi ilipanda sana pale tu wavutaji wazoefu walipoitambua ladha hiyo ya kuungua. Mwaka 2017 alirudia jaribio la Portland kwa tangi ya aina ileile, na wengi wa wavutaji wake walikuwa wameshalalamika kabla ya volti 5 kufikiwa.

Watetezi wa Portland nao walikuwa na la kusema: si kila mtu ana ulimi wa mzoefu, na wapo wanaozoea ladha mbaya. Kwa maoni yangu Farsalinos alishinda hoja ya volti 5, lakini ushindi huo umetumiwa vibaya na wafanyabiashara. Kuthibitisha kwamba utambi uliolowa hutoa sumu chache hakumaanishi kwamba wingu ni salama. Nikotini bado inateka, na propilini glikoli na gliserini zilipata sifa ya usalama kwa kuliwa, wala si kwa kuvutwa kila siku kwa miaka.

Yaliyofuata yanajulikana: vepu ya Juul mwaka 2015 na nikotini yake ya chumvi, kisha vifo vya wavutaji wa vepu Marekani mwaka 2019, ambavyo vilihusishwa hasa na asetati ya vitamini E katika vimiminika vya bangi.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Uganda ilikataza vifaa hivi kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Kwingine muuzaji wa duka la simu anakuuzia na kukueleza ladha ya embe na ya barafu, ila ukimuuliza omu anakutazama tu. Mashirika yetu ya viwango, pale biashara hii inaporuhusiwa, yalazimishe kila koili iandikwe omu zake na kiwango cha wati inachostahimili. Nawe msomaji, kama wewe au ndugu yako mnavuta na mkasikia ladha ya kuungua, msiongeze nguvu wala msivute tena kujaribu. Utambi umekauka au koili imeshaungua, na koili iliyoungua haiponi kwa kujazwa kimiminika, hutupwa.