Kunyimwa na Kukataliwa: Mposaji Aliyeshindwa katika Hadithi ya Garsen

Mwanamume ambaye posa yake imerudishwa ana maneno mawili ya kueleza yaliyompata. Anaweza kusema amenyimwa, au anaweza kusema amekataliwa. Ukiyasikia kwa haraka utadhani ni mamoja, lakini kila neno lina watu wake. Kunyima kunataka kitu na mwenye kitu: baba kamnyima binti, wajomba wamemnyima mke. Msichana hapo ni mali iliyozuiwa mkononi mwa mwingine. Kukataa kunataka mtu mwenye hiari, aliyetazama akapima akasema hapana. Kwa hiyo mposaji anayesema “nilinyimwa” amekwisha kuandika hadithi yake mwenyewe, na katika hadithi hiyo yule aliyempenda hayumo.

Nadai kwamba mwandishi wa hadithi ya mapenzi ya watu watatu humpata au humpoteza mhusika wake wa tatu papo hapo, kwenye maelezo ambayo aliyeshindwa anajipa kuhusu kushindwa kwake. Si ukarimu wake unaomfanya mtu kamili, wala si ukubwa wa machozi yake. Ni kuwa na sababu zake alizozishika, zenye kosa linaloeleweka, na hadithi kumpa muda wa kuziishi mpaka zimchoke.

Nauleta mjadala huu Garsen na delta ya Mto Tana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba simulizi kongwe ya huko ina mposaji aliyekataliwa ambaye wahakiki hatumhesabu kuwa mposaji. Fumo Liyongo husimuliwa kuwa mtu wa Shaka, Ozi na Kipini, pale Tana inapoingia baharini. Katika utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, anayemuua Liyongo ni mwanawe mwenyewe, aliyezaliwa na mwanamke wa Kigala, na ujira alioahidiwa na mfalme wa Pate ni kuozwa binti yake. Kijana akaua, akaja kudai ahadi, akafukuzwa, akaishia kuugua na kufa. Sisi wasomaji tunaridhika, kwani msaliti kapata malipo yake. Lakini tazama alivyowekwa. Alitaka nyumba mjini kwa watu waliokuwa wakimwona mtoto wa Wagala, akaambiwa bei, akailipa kwa baba yake. Utendi unamhitaji kama mkono wa kushikia sindano ya shaba tu, na binti aliyeahidiwa hatumsikii akitamka lolote. Silaumu, maana utendi ni wa Liyongo. Nasema tu kwamba hadithi nzima ya mtu huyo imelala humo bila kuandikwa.

Sababu ya pili ni ya karibu, na inauma. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa kwa siku moja. Septemba mauaji hayo ya Wapokomo na Waorma yakaendelea Chamwanamuma na Kilelengwani. Tangu hapo, ukiandika Mpokomo na Muorma wanaompenda mwanamke mmoja, msomaji huona shamba na ng’ombe. Aliyeshindwa hageuki kizuizi tu, hugeuka kabila. Mwanamke naye hugeuka mto unaogombewa. Nimesoma hadithi za wanafunzi zenye umbo hilo, na nimeandika moja.

Katika rasimu hiyo mwanamke ni Hawa, anayeuza samaki Garsen. Komora ni mkulima wa Kipokomo mwenye miembe na mtumbwi. Godana ni Muorma anayenunua na kuuza ng’ombe. Hawa anamchagua Godana. Nilipoanza, Komora alitokea mara nne tu, na mara zote alikuwa mlangoni kwa Hawa, njiani kwa Hawa, au akimwuliza mtu habari za Hawa. Mwalimu mmoja aliyenisomea rasimu alifanya jambo rahisi. Alichukua kalamu akafuta kila sehemu ambayo Komora yuko na Hawa au anamtaja. Karatasi ilibaki nyeupe. Akaniuliza, “Huyu bwana Alhamisi hufanya nini?”

Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu. Mhakiki E. M. Forster, aliyetuachia mwaka 1927 mgawanyo wa wahusika bapa na duara, alitaka mhusika duara aweze kutushangaza nasi tukakubali. Kwa mposaji aliyeshindwa, kipimo hicho kinachelewa mno. Kabla hajanishangaza lazima kwanza awe na shughuli ambayo ingeendelea hata kama Hawa asingezaliwa. Shafi Adam Shafi aliliona hili katika *Vuta N’kuvute* (1999). Bukheti hakai pembeni mwa ukurasa akimngoja Yasmin. Ana maisha yake Mombasa, na anapomwoa Yasmin baada ya Denge kutoroka nchi, tunamwona mtu aliyetoka mahali, wala hatudhani ni zawadi ya kufungia kitabu.

Komora nikampa mto. Delta ina mafuriko ya misimu miwili, ya mvua ndefu na ya mvua fupi, na mkulima hupanda kwa kufuata maji yanavyopungua kwenye ukingo. Maji yakija mapema, mbegu inaoza. Yakikosa kuja, ardhi inakuwa mfupa. Kiangazi kikikaza, wafugaji hushuka na mifugo mpaka mtoni kupitia malka, zile njia za kunyweshea zinazopita kati ya mashamba, na kila mkulima ana kumbukumbu ya malka iliyohama kidogo kuelekea migomba yake, kama ambavyo kila mfugaji anakumbuka malka iliyolimwa. Sasa Komora akawa na hofu zake na hesabu zake. Akawa pia na jambo la kuongea na Godana lisilomhusu Hawa, na hapo mazungumzo yao yakaanza kusikika kama ya watu wawili.

Lakini palipobadilisha kila kitu ni posa. Kwa desturi zetu za pwani na za mtoni, mposaji haendi mwenyewe. Washenga humpelekea neno, na washenga humrudishia jibu. Mwandishi akisahau hivyo huandika tukio la kukataliwa kama ilivyo kwenye filamu, wawili wamesimama chini ya mti, mmoja analia. Kwetu, mara nyingi aliyekataliwa hakuwapo alipokataliwa. Jibu linamfikia likiwa limepita katika vinywa vitatu, na kila kinywa kina heshima ya kulinda. Mzee wa nyumbani kwa Hawa hasemi hapana, anasema, “Tumewasikia, tupeni nafasi mvua ipite.” Mjomba wa Komora, mshenga mzoefu, anajua hiyo ni hapana. Ila kumwambia mpwawe hivyo ni kukiri kwamba yeye ameshindwa kazi yake. Anarudi anasema, “Wamesema tungoje mvua.”

Basi Komora akangoja. Mvua ikapita, na nyingine ikapita. Watu wa Garsen wakamwona mtu asiyesikia la mtu, anayekwenda kusalimia kwa Hawa na mkungu wa ndizi. Msomaji wa rasimu ya kwanza alimwona king’ang’anizi. Msomaji wa rasimu ya pili, aliyekuwapo mkekani washenga walipojibiwa, anajua kwamba Komora anafanya hasa alichoambiwa. Vitendo ni vilevile. Kilichoongezeka ni maelezo yake, nayo yana kosa ambalo mtu mwenye akili timamu angelifanya.

Lugha yenyewe inatega mtego hapa. Kiambishi “a” hakisemi kama ni mume au mke, wala ni mume yupi. Sentensi kama “alimwambia angemngoja” ina watu watatu wanaoweza kuingia popote. Mara nyingi naweka majina ili kuondoa utata. Katika ukurasa mmoja tu niliuacha, Hawa anapomsimulia shangazi yake kuhusu “yule” aliyemletea chandarua wakati wa mafuriko, na shangazi anadhani ni Godana. Kwa dakika moja wanaume wawili wakalingana machoni pa mtu asiyekuwa na upande.

Sasa nije kwenye mtumbwi, ambako niliandika mara tatu. Mwishoni mwa mwaka 2023 maji yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu sehemu za Gamba na Lango la Simba, na watu wakawa wakivushwa kwa vyombo. Komora anavusha watu. Godana anafika ukingoni akienda kwa Hawa. Mara ya kwanza nilimfanya Komora amwache mpinzani wake kwenye matope, na hiyo ni kazi ya kizuizi. Mara ya pili nikamfanya amvushe bure na kumtakia heri. Niliipenda sehemu hiyo kwa wiki nzima, mpaka nikagundua kwamba nimemtoa kwenye ushindani kwa kumfanya walii. Mtakatifu naye ni njia ya kumwondoa mtu. Hadai kitu, basi hatuna haja ya kumjibu. Mara ya tatu Komora alimtoza nauli ileile aliyowatoza wengine. Godana akampa noti kubwa. Komora akahesabu chenji, akahesabu tena, akampa yote, na ile mara ya pili ya kuhesabu ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Kuna mpaka ambao sharti niutaje, kwa sababu niliuvuka. Nilipokwisha kumpenda Komora, rasimu ilianza kumdai Hawa. Kila wema wa Komora ukawa hati ya deni juu yake, na wasomaji wakaanza kuuliza kwa nini hamtaki mtu mwema hivi. Hapo nilikuwa nimemponya mwanamume kwa kumjeruhi mwanamke. Ukamilifu wa aliyekataliwa si hoja ya kupinga kukataliwa kwake. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona. Hawa anaanza kujieleza, ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba yuko mahakamani. Nilimfutia maelezo yote. Anampenda Godana kwa namna anavyocheka na kwa sababu zake nyingine asizozisema, na Komora si mtu mbaya. Mambo hayo mawili yakae bega kwa bega bila moja kulipia lingine.

Kilichobaki ni kumtafutia Komora mahali pa kujua. Sikutaka Hawa amwambie, maana hana deni hilo. Mjomba alikuwa akiumwa, maji yakipungua, naye akaona aibu ya kufa na jibu la watu kifuani. Akamweleza mpwawe neno lililosemwa mkekani na maana yake. Komora hakuuliza mengi. Siku iliyofuata anawavusha wauza samaki, na mwanamke mmoja mwenye mdomo mrefu anamchokoza, kwamba wazee wale walimnyima mke kwa ubahili wao. Hadi jana yeye mwenyewe angelitumia neno hilo. Anasukuma upondo mara moja, mara mbili, kisha anamwambia bila kugeuka, “Hawakuninyima. Alinikataa.”