Kodi kwa Uwiano wa Siku

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Nairobi, kodi hukusanywa mwanzoni mwa mwezi, kwa kawaida kabla ya tarehe 5, na daftari la ajenti hufuata miezi ya kalenda. Dar es Salaam mara nyingi mambo ni tofauti. Mpangaji anayelipa ya miezi sita kwa mkupuo huanza kuhesabiwa siku aliyokabidhiwa funguo, kwa hiyo aliyeingia tarehe 17 Machi atadaiwa tena tarehe 17 Septemba, na hakuna kipande cha mwezi cha kuulizana. Swali linamhusu yule anayeingia katikati ya mwezi kwenye nyumba inayofuata kalenda: atalipa kiasi gani kwa siku zilizobaki, kabla hajaungana na wenzake tarehe 1?

Wahasibu wana neno lao, prorata, lililotoka kwenye Kilatini, lenye maana ya “kwa kadiri ya sehemu”. Tafsiri ninayoipendelea ni kodi kwa uwiano wa siku. Ni ndefu, sikatai. “Kodi ya siku” ingekuwa fupi, lakini itamfanya msomaji afikirie chumba cha gesti, ambacho kina bei yake ya usiku mmoja isiyotokana na kodi yoyote ya mwezi. “Kodi ya mwezi pungufu” inapendeza sikioni, ila kwa mtu wa pwani inaweza kumpeleka kwenye mwezi mwandamo wa siku 29. Uwiano unasema jambo lenyewe: kuna siku utakazokaa, na kuna siku za mwezi mzima, na kodi yako inafuata zile za kwanza zikipimwa kwa zile za pili.

Tuchukue chumba cha shilingi 18,600 kwa mwezi. Mpangaji anaingia tarehe 17 Machi. Machi ina siku 31, kwa hiyo kiwango cha siku ni 18,600 gawanya kwa 31, yaani shilingi 600. Siku zake ni kuanzia tarehe 17 hadi 31, na hapa ndipo wengi hujikwaa: hutoa 17 kwenye 31 wakapata 14. Kutoa huko kunaiacha nje siku ya kuingia. Hesabu kwa vidole na utapata siku 15, kwa sababu tarehe 17 yenyewe imo. Kodi ya Machi ni 600 mara 15, yaani shilingi 9,000. Aprili analipa 18,600 kama wengine.

Mwenye nyumba mwingine atakwambia yeye hugawa kwa 30 miezi yote, asisumbuke na kalenda. Kiwango cha siku kinakuwa 620, na siku 15 zinafika shilingi 9,300. Tofauti ya shilingi 300 si ya kupeleka watu barazani, lakini chanzo chake kinafaa kujulikana. Siku amezihesabu kwenye mwezi wa siku 31, kisha bei ameikata kwenye mwezi wa siku 30. Ukiendelea hivyo, mtu aliyeingia tarehe 2 Machi atalipa siku 30 mara 620, yaani kodi kamili, ingawa hakulala humo tarehe 1. Aliyeingia tarehe 1 yenyewe angetakiwa kulipa 19,220, zaidi ya kodi ya mwezi! Februari yenye siku 28 mambo hugeuka: anayeingia tarehe 1 angelipa 17,360, na hasara ni ya mwenye nyumba.

Kuna kipimo kimoja cha kugundua kosa la namna hii bila kubishana. Fikiria kwamba mpangaji wa zamani alikaa chumba kile kile hadi tarehe 16, na mpya akaingia tarehe 17. Sehemu zao mbili zikijumlishwa lazima zirudishe kodi ya mwezi mmoja, bila kuzidi wala kupungua. Kwa kugawa kwa 31, wa zamani anadaiwa siku 16 mara 600, yaani 9,600, na mpya 9,000. Jumla ni 18,600. Kwa kugawa kwa 30, wa zamani anadaiwa 9,920 na mpya 9,300, jumla 19,220. Kuta za chumba hazikuongezeka, ila Machi imezaa siku ya ziada ya kulipiwa.

Haimaanishi kwamba 30 ni haramu. Mkataba unaweza kusema kwamba kila mwezi utachukuliwa kuwa na siku 30, mradi useme pia kwamba kodi ya kipande cha mwezi haitazidi kodi ya mwezi mzima, na uitumie kanuni hiyo hiyo mpangaji anapohama. Njia ya tatu ni kuzidisha kodi kwa 12 na kugawa kwa 365. Kwa chumba chetu kiwango ni takriban shilingi 611 na senti 50, na siku 15 ni karibu 9,173. Faida yake ni kwamba siku ina bei moja mwaka mzima. Kasoro yake ni kwamba mwezi kamili uliokokotolewa siku kwa siku haulingani tena na kodi iliyoandikwa kwenye mkataba. Mimi ningeshika siku halisi za mwezi husika, kwa kuwa kila mtu anaweza kuzikagua kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani.

Jambo la kukadiria lina mtego mdogo. Chumba cha 18,500 kikigawanywa kwa 31 kinatoa 596 na desimali ndefu. Ukiikadiria kuwa 600 kisha uzidishe kwa 15, umepata 9,000. Ukiacha desimali zake hadi mwisho, jibu ni 8,951 na senti kadhaa. Kadiria mara moja tu, kwenye jibu la mwisho.

Si kila malipo ya siku ya kuingia hufuata uwiano huu. Amana hubaki nzima, kwa kuwa ni dhamana dhidi ya uharibifu na madeni, haipimwi kwa siku. Maji yenye mita yanahitaji namba ya mita isomwe na kuandikwa siku ya kukabidhiana funguo, kugawa bili ya mwezi kwa siku ni kubahatisha. Ada ya taka na ya mlinzi ndizo zenye utata: baadhi ya majengo huzitoza nzima hata ukiingia tarehe 28, na hilo ni la kuuliza kabla ya kulipa.

Wapo pia wenye nyumba wanaotaka kodi ya mwezi mzima siku ya kuingia, kisha uwiano unafanyika kwenye mwezi wa pili. Mpangaji wetu angelipa 18,600 mwezi Machi na 9,000 tarehe 1 Aprili. Jumla ni ile ile. Mwenye nyumba anajihadhari na mtu atakayelipa siku chache, aingize vitanda, kisha tarehe 5 asionekane.

Usiingie ukidhani haki ya kulipa kwa uwiano wa siku inajileta yenyewe. Uingereza, sheria ya mwaka 1870 ilitamka kwamba kodi huhesabika siku hadi siku, lakini mahakama ziliamua kwamba kanuni hiyo haigusi kodi inayolipwa mwanzoni mwa kipindi. Kwa hiyo iandikwe, kwa maneno ya kawaida: “Mpangaji akiingia au kuhama katikati ya mwezi, kodi itahesabiwa kwa uwiano wa siku, kwa kugawa kodi ya mwezi kwa siku halisi za mwezi huo. Siku ya kuingia na siku ya kurudisha funguo zitahesabiwa kuwa za mpangaji.” Na ikiwa anayefuata ataingia siku ile ile uliyorudisha funguo, mmoja wenu tu ndiye wa kuilipia.