Uhusianifu wa Lugha: Je, Jina la Rangi Hubadili Tunachokiona?

Ukisimama Mbamba Bay jua likiwa juu, maji ya Ziwa Nyasa karibu na mawe huwa ya kijani, mbele kidogo huwa bluu nyepesi, na kule kwenye kina huwa bluu iliyokoza. Sisi tunaozungumza Kiswahili rangi hizo mbili za mwisho tunaziita bluu, na tukitaka kuzitenga tunaongeza neno la pili. Kirusi kina maneno mawili yanayojitegemea: goluboi kwa bluu nyepesi na sinii kwa iliyokoza. Hakina neno moja la kila siku linalozikusanya zote mbili. Je, Mrusi akilitazama ziwa hili huona kitu tusichokiona sisi?

Swali hilo ndilo linalobebwa na istilahi uhusianifu wa lugha, iliyoenezwa na Mmarekani Benjamin Lee Whorf katika makala yake ya mwaka 1940. Dai lenyewe ni kwamba namna mtu anavyofikiri ina uhusiano na lugha anayoizungumza. Lina sura mbili, na ni vema kuzitenganisha kwa majina. Sura kali husema lugha huifunga fikra, yaani kisicho na jina hakifikiriki. Hiyo naiita ushurutishaji wa lugha. Sura laini husema lugha huielekeza fikra bila kuifunga, na hiyo ndiyo inayostahili jina la uhusianifu.

Rangi zilichaguliwa kuwa kipimo kwa sababu macho ya binadamu yamejengwa kwa namna moja kila mahali, ilhali lugha hugawa rangi kwa namna mbalimbali. Kiswahili chenyewe ni mfano. Maneno matatu tu ya rangi hupatana na nomino: shati jeupe, kitabu cheusi, maua mekundu. Mengine yameazimwa kutoka kwenye vitu au lugha nyingine: kijani kutoka kwenye majani, kijivu kutoka kwenye majivu, kahawia kutoka kwenye kahawa, na bluu kutoka nje.

Hata hivyo, kuhesabu majina hakuthibitishi lolote kuhusu fikra. Mchumaji wa kahawa huko Mbinga hutazama tawi lenye matunda mabichi, yanayoanza kugeuka na yaliyoiva. Huchuma mekundu na kuyaacha yale yenye umanjano, ingawa hana jina kwa kila hatua iliyopo kati ya kijani na wekundu. Jicho lake linatofautisha rangi nyingi kuliko ulimi unavyozitaja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi ulionesha kwamba walikubaliana zaidi kuhusu nyeusi, nyeupe na nyekundu, na kwa rangi nyingine mara nyingi walijibu kuwa hawajui jina. Jibu hilo linatueleza kuhusu msamiati wao. Halituambii wanaona nini.

Ndiyo maana jaribio lililochapishwa mwaka 2007 na Jonathan Winawer na wenzake lina uzito. Watafiti walitengeneza vivuli 20 vya bluu, kutoka nyepesi hadi iliyokoza. Kila mara mshiriki alioneshwa miraba mitatu, mmoja juu na miwili chini, kisha akabonyeza kitufe upesi kuonesha ni upi kati ya ile ya chini unaofanana na wa juu. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Hakuhitaji kukumbuka wala kutaja chochote. Wazungumzaji wa Kirusi walijibu haraka zaidi pale miraba miwili ya chini ilipoangukia pande mbili za mpaka wa goluboi na sinii kuliko ilipokuwa upande mmoja. Wazungumzaji wa Kiingereza, wenye neno moja kwa zote, hawakuonesha tofauti hiyo.

Kisha likaja jaribio lenye kuamua. Washiriki walitakiwa kurudia kimoyomoyo mfuatano wa tarakimu huku wakichagua miraba, ili sehemu ya lugha akilini iwe na shughuli nyingine. Faida ya Warusi ikatoweka. Walipopewa kazi ya kukumbuka umbo badala ya tarakimu, faida hiyo ilibaki. Kwa hiyo chanzo chake hakikuwa jicho, bali lugha iliyokuwa ikisaidia uamuzi papo hapo.

Matokeo hayo yanaupinga ushurutishaji, kwa sababu wasio na maneno mawili pia walizitofautisha bluu hizo. Yanauunga mkono uhusianifu, lakini kwa kiasi: tofauti ni ya sehemu ndogo ya sekunde, na ilijitokeza zaidi vivuli vilipokaribiana. Anayetaka kulipima jambo hili kwa wazungumzaji wa Kimatengo au wa lugha za pwani ya ziwa asiishie kukusanya majina. Atafute mpaka wa rangi uliopo katika lugha moja na usiopo katika nyingine, apime muda wa kujibu, kisha aishughulishe lugha kwa tarakimu. Azingatie pia kwamba wengi wao wanazungumza Kiswahili vilevile, hivyo mipaka ya lugha mbili inaweza kufanya kazi katika kichwa kimoja.

Basi mtu akikuambia kwamba jamii fulani haioni bluu kwa kuwa haina neno lake, muulize alipima nini: majina au macho.