Dawa mpya za kuzuia damu kuganda: umeachana na kipimo cha INR, sasa angalia saa na figo

Baadhi ya wasikilizaji wetu waliokuwa wakimeza warfarini wamebadilishiwa dawa na kupewa rivaroksabani au apiksabani. Wameambiwa hawahitaji tena kwenda kupima INR mara kwa mara. Hilo ni kweli, lakini halina maana kwamba hakuna tena cha kuangalia. Katika makala hii tunaeleza mambo mawili yanayochukua nafasi ya kipimo kile, yaani saa ya kumeza dawa na hali ya figo, kisha tunaeleza la kufanya damu ikianza kutoka.

Tofauti iko wapi

Dawa zote tatu hupunguza uwezo wa damu kuganda. Hutolewa kwa mtu aliyepata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu, au mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambaye yuko katika hatari ya kupata kiharusi.

Warfarini huzuia kazi ya vitamini K mwilini. Huchukua siku kadhaa kabla ya nguvu yake kukamilika, na siku kadhaa kwisha. Nguvu hiyo hupanda na kushuka kutokana na mboga za majani unazokula, dawa nyingine unazotumia na pombe. Ndiyo sababu ya kupima INR, ambayo kwa wagonjwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3.

Rivaroksabani na apiksabani huzuia moja kwa moja kiini kimoja kinachogandisha damu. Huanza kazi ndani ya saa chache, kipimo chake ni kilekile kila siku, na mchicha au kisamvu havivurugi kazi yake. Lakini pia huisha upesi. Ukikaa siku moja bila kumeza, kinga yako imeshuka sana.

Kuna watu wasiofaa kuhamishwa. Mwenye valvu ya moyo ya chuma abaki na warfarini. Vivyo hivyo mtu ambaye valvu yake imebana kwa sababu ya homa ya rumatiki aliyougua utotoni. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, ambao ulihusisha wagonjwa wa rumatiki wapatao 4,500 wakiwemo wa Afrika, ulionyesha kuwa waliotumia warfarini waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliotumia rivaroksabani.

Ukisahau kumeza

Rivaroksabani ya moyo humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Tuseme saa yako ni saa 1 usiku. Ukikumbuka saa 11 alfajiri, zimepita saa 10, basi kula kitu kidogo umeze, na jioni endelea kama kawaida. Ukikumbuka saa 4 asubuhi, zimeshapita zaidi ya saa 12. Acha hicho, subiri kidonge cha jioni.

Apiksabani humezwa mara mbili, tuseme saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Ukisahau cha asubuhi, unaweza kukimeza hadi saa 7 mchana. Baada ya hapo, subiri cha usiku.

Usimeze viwili ili kufidia. Isipokuwa mgonjwa wa damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu aliye katika siku 21 za kwanza za rivaroksabani, anayemeza miligramu 15 mara mbili kwa siku. Huyu akisahau ameze mara akumbukapo, hata viwili pamoja, ili siku hiyo atimize miligramu 30.

Kwa warfarini, ukikumbuka siku ileile, meza. Ukikumbuka kesho yake, acha, na uandike kwenye kadi yako ili daktari aelewe INR ikiwa imeshuka.

Figo ndizo zinazopanga kipimo

Sehemu ya dawa hizi mpya hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikichoka, dawa hujikusanya kwenye damu bila wewe kuhisi chochote. Kwa hiyo hupimwa kreatinini kabla ya kuanza dawa, kisha angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa mzee au mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 72, mwenye kilo 54, anayetumia dawa kwa ajili ya mapigo ya moyo. Kreatinini yake ni 140 kwa kipimo cha maikromoli. Daktari hutoa umri kutoka 140 na kupata 68, huzidisha kwa kilo 54, kisha kwa 1.23, halafu hugawanya kwa kreatinini. Jibu ni kama 32. Hiyo ndiyo kasi ya figo zake, na iko chini ya 50. Kwa hiyo rivaroksabani yake iwe miligramu 15, si 20. Angekuwa kwenye apiksabani, angepewa miligramu 2.5 mara mbili badala ya 5, kwa kuwa ana mambo mawili kati ya matatu yanayoangaliwa: uzito usiozidi kilo 60, kreatinini ya 133 au zaidi, na umri wa miaka 80 au zaidi.

Ndiyo maana uzito nao upimwe. Na ukiharisha au kutapika kwa siku kadhaa, figo zinaweza kushuka ghafla, hivyo nenda ukapimwe.

Damu ikitoka

Tuseme mzee huyohuyo, akiwa bado anameza miligramu 20, anaumwa mgongo na kununua diklofenaki dukani. Dawa hiyo huchubua tumbo na kuzielemea figo. Siku ya tano anapata choo cheusi, laini kama lami, na kizunguzungu akisimama. Hiyo ni damu inayotoka tumboni.

Asimeze kidonge kinachofuata. Aandike saa aliyomeza cha mwisho, achukue pakiti ya dawa, na apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye damu ya kuongezea. Fanya hivyo pia kwa anayetapika damu, anayepata kichwa kikali cha ghafla, anayelegea upande mmoja, au aliyejigonga kichwa, hata kama hana jeraha. Jeraha linalotoka damu ligandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia njiani.

Taja jina la dawa, maana tiba hutofautiana. Kwa warfarini hutolewa vitamini K, ambayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Kwa rivaroksabani na apiksabani vitamini K haisaidii, na INR nzuri haithibitishi kuwa dawa imekwisha. Hapo mgonjwa huwekewa maji na damu, huzibwa panapovuja, na palipo na dawa ya viini vya kugandisha damu hupewa. Saa ya kidonge cha mwisho humwonyesha daktari ni dawa kiasi gani bado imo mwilini. Kwa mwenye figo nzima nyingi huisha ndani ya siku moja. Kwa mwenye figo dhaifu huchelewa.

Damu ya pua si sababu ya kuacha dawa mwenyewe. Kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 15. Isipokoma, nenda hospitali.

Na ukiruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kutokwa damu, usiondoke kabla ya kuuliza: dawa naanza tena lini, na kwa kipimo gani? Aliyeachishwa dawa na kusahauliwa hubaki na hatari ileile ya kiharusi iliyomfanya aianze.