Ubeti wa Pili Ni Upi? Historia Fupi ya Wimbo Wetu wa Krismasi

Katika kuandaa kijitabu hiki cha jubilii tuliombwa tueleze habari za wimbo mmoja katika orodha yetu, na tumechagua ule ambao kila mtu hapa Likoni anaujua tangu shule ya Jumapili: Usiku Mtakatifu. Mwaka huu tuliuongezea ubeti uliotokana na ukurasa wa Kijerumani tulioletewa kwa picha ya simu. Baadhi yenu mliuliza kwa nini maneno yake si yale yaliyo kwenye kitabu cha Kiingereza. Haya ndiyo maelezo.

Shairi hilo, Stille Nacht, liliandikwa mwaka 1816 na padre kijana wa Austria, Joseph Mohr. Miaka miwili baadaye alimpa mwalimu wa shule, Franz Gruber, alitungie sauti, nao wakaliimba mkesha wa Krismasi wa 1818 katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi, kijiji cha Oberndorf. Waliimba wawili tu kwa gitaa, Mohr akichukua tena na Gruber besi, huku kwaya ikirudia maneno ya mwisho ya kila ubeti. Ndiyo maana hata sisi mstari wa mwisho huuimba mara mbili.

Mohr aliandika beti sita. Mwaka 1859 mchungaji wa Kimarekani, John Freeman Young, aliutia wimbo katika Kiingereza, lakini alichukua beti tatu tu, na hakuzifuata kwa mpangilio: alianza na wa 1, akaruka hadi wa 6 unaohusu wachungaji, kisha akarudi kwenye wa 2 unaomhusu Mwana wa Mungu. Kwa hiyo mwimbaji mwenye kitabu cha Kiingereza akiambiwa “ubeti wa pili” anaimba wachungaji. Mwenye ukurasa wa beti sita, kwa neno lile lile, anaimba Mwana wa Mungu. Kwenye mazoezi hilo ni kelele, na kwenye ibada ni aibu.

Sasa picha yenyewe. Ukurasa ulikuwa na noti juu, ubeti wa 1 ukiwa umekatwakatwa silabi kwa silabi chini ya noti, na beti tano zilizobaki zimepangwa chini kwa safu mbili. Aliyepiga picha alisogea karibu mno, namba za safu ya kushoto zikabaki nje. Ukurasa kama huo mtu asiyejua lugha husoma kutoka kushoto hadi kulia, akavuka safu, na kuchanganya ubeti wa 2 na wa 5 katika sentensi moja. Tuliokolewa na jambo moja: kila ubeti wa Mohr huanza kwa maneno yale yale mawili ya jina la wimbo, na huisha kwa mstari unaorudiwa. Tulihesabu mianzo na marudio, tukapata beti sita kamili, tukaziandikia namba upya kabla ya kutafsiri hata neno moja. Kisha tuliomba picha nyingine yenye ukingo wote wa ukurasa, tukalinganisha namba moja moja.

Baada ya hapo tuliandaa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya maana: kila mstari unasema kile kilichoandikwa, bila kujali sauti. Ya pili ni ya kuimba. Zote mbili zina alama zile zile za beti pembeni, ili yeyote akitaka kujua tulichoacha, aweke karatasi mbili bega kwa bega aone. Mwalimu wa kwaya hufundisha kwa ile ya pili, lakini akitaka kueleza wimbo unasema nini hushika ya kwanza.

Tofauti ya karatasi hizo inaanzia mstari wa kwanza. Kwa maana halisi ni “usiku wa kimya, usiku mtakatifu”, silabi kumi na nne. Sauti ya Gruber ina noti nane mahali hapo. Maneno “usiku mtakatifu” yana silabi nane kamili, kwa kuwa hiyo “m” ni silabi inayosimama peke yake. Kimya kimeachwa, lakini hakikupotea: mstari unaofuata katika Kiswahili tulichozoea unasema kwamba wengine wamelala, na usingizi wa watu ndio kimya chenyewe. Hivyo ndivyo Mohr alivyosema pia. Kiingereza hapo kinasema kwamba yote ni shwari na yote yang'aa, kwa hiyo Kiswahili chetu kiko karibu zaidi na Kijerumani. Wale mlioudhani wimbo wetu umetafsiriwa vibaya mlikuwa mnaulinganisha na kitabu kisicho chake.

Idadi ya silabi peke yake haitoshi, na hapa tunakiri kwamba lugha yetu ina ukaidi wake. Neno la Kiswahili hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho: u-SI-ku, mta-ka-TI-fu. Lakini noti ya nne, ambayo ni ndefu, inaiangukia ile “m”, na noti ndefu ya mwisho inaangukia “fu”. Katika wimbo wa mwendo wa haraka ingesikika kama kigugumizi. Wimbo huu ni wa polepole, kwa hiyo soprano wakifunga midomo na kuivuta “m” kama mtu anayebembeleza mtoto, sikio linakubali. Katika wimbo wa maandamano tusingethubutu.

Ubeti wa wachungaji ndio uliotutoa jasho. Maana yake: wachungaji walikuwa wa kwanza kujulishwa, kwa haleluya ya malaika. “Wachungaji walikuwa wa kwanza kujulishwa” ni silabi kumi na tano, na noti zilizopo ni sita. Tuliandika “Wachungaji kwanza”, silabi sita. Mstari unaofuata una noti tisa, nasi tukapata “walisikia malaika”, tano na nne, kama vile Gruber alitupimia sisi.

Wenzetu walimu hawakulala. Malaika ni viumbe hai, wakasema, na kitenzi kinadai kiwakilishi chao: “waliwasikia malaika”. Hiyo ni silabi kumi. Besi walitaka tuache ile fupi, kwa kuwa washairi hufupisha. Alto walisema watoto wa shule ya Jumapili watajifunza kosa kwa wimbo, na kosa la wimbo halifutiki. Suluhisho lilikuwa kwenye noti ya kwanza ya mstari huo, ambayo ni ndefu mara mbili ya inayofuata. Tuliigawa sehemu mbili, “wa-li” zikakaa ndani yake, na kitenzi kikabaki kizima. Haleluya yenyewe haikupata nafasi. Iko kwenye karatasi ya maana, na mpiga kinanda ameombwa aicheze kati ya beti.

Kwa hiyo Jumapili ya jubilii mtaona kwenye ukurasa wa nyimbo: “Ubeti wa 2 (wa 6 katika shairi la asili)”. Mabano hayo msiyapite. Wageni wetu watakaokuwa na ukurasa wa beti sita wataangalia namba 6, wenye cha Kiingereza namba 2, na sote tutakuwa na wachungaji. Watoto wataanza peke yao, wawili wawili bila kinanda. Kwaya inaingia kwenye marudio.