Klarineti Iliyokwama Maungioni: Kuitenganisha Bila Kupinda Vibonyezo

Masika yakianza Pemba, kati ya Machi na Mei, mpiga klarineti anaweza kuamka asubuhi akakuta vipande viwili vya ala yake havitengani tena. Wengi husema koki imevimba, kisha huvishika vibonyezo kwa viganja viwili na kusokota kwa nguvu. Hapo ndipo hasara hutokea, kwani vibonyezo ni vya chuma laini na hupinda kabla kiungo hakijaachia. Katika makala haya tunaeleza kinachokwamisha kiungo, namna ya kukifungua, na namna ya kutambua cha kurekebisha baadaye.

Kinachovimba ni nini?

Klarineti ina sehemu tano: mdomo, kipande kifupi kinachofuata mdomo, kipande cha juu, kipande cha chini, na kengele. Huungana kama waungavyo maseremala: ulimi wa kipande kimoja huingia kwenye tundu la kingine. Ulimi umezungushiwa utepe wa koki, lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa, ili hewa isivuje.

Koki hainyonyi maji kwa urahisi, na ndiyo maana ikawa kizibo. Inyonyayo unyevu zaidi ni mbao. Klarineti nyingi nzuri hutengenezwa kwa mpingo, mti unaokua Tanzania Bara, hasa mikoa ya kusini. Mpingo ni mgumu sana, lakini nao hutanuka kwa unene unapopata maji. Ulimi una ukuta mwembamba, na unyevu wa pumzi ya mpigaji huupata kwa ndani na kwenye ncha yake. Tundu lina pete ya chuma inayolizuia kutanuka. Basi ulimi hunenepa, tundu linabaki vilevile, na koki iliyo katikati hubanwa. Hewa ya masika nayo huchelewesha kukauka.

Klarineti ya plastiki haivimbi hivyo. Hiyo ikikwama, tazama koki mpya iliyo nene mno, au grisi ya zamani iliyoganda. Filimbi ya chuma ni jambo jingine kabisa: maungio yake hayana koki, na koki yake imo ndani ya kichwa. Filimbi hukwama kwa uchafu au kwa ncha iliyobonyea, kwa hiyo hatua za kukausha hazitaisaidia.

Kwanza ikauke

Ondoa sehemu zote zinazotoka bila shida, yaani mdomo, kipande kifupi na kengele, ili hewa ipite katikati ya bomba. Pitisha kitambaa kikavu ndani mara kadhaa. Kisha ilaze ala kwenye chumba chenye kivuli na hewa inayozunguka, siku moja au mbili, nje ya kasha lake.

Usiianike juani wala usiikaribishe motoni. Mbao ikikauka nje haraka kuliko ndani, hupasuka, na ufa ni hasara kubwa kuliko kiungo kilichokwama. Usimimine mafuta kwenye mshono pia: hayafiki palipobana, na yakiifikia gundi ya koki huweza kuilegeza.

Mahali pa kushika

Kiungo cha hatari zaidi ni cha katikati, kati ya kipande cha juu na cha chini. Hapo pana kijiti kidogo tunachokiita daraja, ambacho hupeleka mwendo kutoka pete za chini hadi kibonyezo cha juu. Pembeni pana vishikio virefu vinavyopita karibu na mshono. Ukizungusha sana, hivyo vyote hugongana.

Kiganja cha mkono mmoja kikumbatie kipande cha juu upande wa mwisho wake wa juu, na vidole vibonyeze pete chini. Pete zikibonyezwa, mkono wa daraja hunyanyuka na kuachana na mwenzake. Mkono mwingine ushike mwisho wa chini wa kipande cha chini, kidole gumba kikiwa nyuma kwenye mbao tupu, na kiganja kikivibonyeza vile vifuniko vikubwa moja kwa moja kuelekea bomba. Kibonyezo kinastahimili kubonyezwa chini. Kinachokipinda ni kusukumwa kwa ubavu.

Ikiwa mikono inateleza, zungushia mbao tupu kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kisha geuza kidogo kushoto na kulia, kama milimita 5 tu kwenye mshono, huku ukivuta kwa mstari ulionyooka. Usitikise juu na chini kama mtu avunjaye kijiti, maana hapo ulimi wenyewe unaweza kukatika.

Ukijaribu mara tatu na mshono usisogee, acha ala ikauke siku nyingine. Ikikataa tena, mpelekee fundi avitoe vibonyezo vilivyo karibu na kiungo. Yeye hufungua skurubu, huchomoa vijiti vya chuma, na kuvipanga kwa zamu yake juu ya karatasi, akiwa mwangalifu na springi nyembamba kama sindano. Mbao ikishakuwa tupu, huishika kwa mpira bila kugusa chochote kinachopinda.

Mfano: baada ya harusi

Tuchukue klarineti ya mpingo iliyopigwa saa tatu kwenye harusi Wete mwezi Aprili, kisha ikawekwa kwenye kasha bila kutenganishwa. Asubuhi kiungo cha katikati hakisogei. Mwenyewe anaifuta ndani na kuilaza kivulini siku mbili. Siku ya tatu anaibonyeza pete, anageuza kidogo kidogo, na kiungo kinaachia.

Sasa anautazama ulimi kabla ya kuchukua msasa. Juu na chini ya koki pana kingo mbili za mbao. Kingo hizo zimeng'aa kwa kusuguana, na koki haina alama mpya. Maana yake mbao ndiyo iliyobana. Akiikwangua koki sasa, kiungo kitakuwa chepesi leo, lakini kitalegea na kuvujisha hewa Januari, kaskazi ikishaikausha mbao. Anachofanya ni kusubiri siku za kukauka, kisha kujaribu tena. Ikiwa kiungo kinaingia vizuri, haigusi koki. Kikibana hata katika ukavu, fundi hupunguza zile kingo za mbao zinazong'aa kwa kiasi kidogo sana.

Kama kingo zingekuwa hazina mng'aro na koki ndiyo iliyobanwa na kuwa laini kwa kusuguliwa, hapo koki ndiyo nene. Hukatwa utepe mwembamba wa msasa laini, ukazungushwa juu ya koki na kuvutwa mara chache, na kiungo hujaribiwa kila baada ya mivuto michache. Koki iliyokatwa mno hairudi. Hubidi kubandikwa mpya.

Mwisho, koki hupakwa grisi yake, tabaka jembamba tu. Baada ya kila kupiga, hasa wakati wa masika, tenganisha maungio yote, futa ulimi na tundu, na uache vipande wazi kidogo kabla ya kuvifungia ndani ya kasha. Ala iliyolala imeunganishwa ikiwa na maji ya pumzi ndiyo hugandamana hivi.