Wafarini na Mboga za Majani: Maana ya Dawa ya Kuzuia Mgando

Wafarini, ambayo aghalabu hupewa mtu aliyewekewa vali ya bandia moyoni au aliyegandiwa na damu katika mshipa wa mguu, watu wengi huiita "dawa ya kupunguza damu". Lakini jina hilo halisadifu kazi yake, kwa kuwa damu haipungui wala haiwi nyepesi, bali huchelewa kuganda, na kwa sababu hiyo jina lililo sahihi ni dawa ya kuzuia mgando.

Ini huhitaji vitamini K ili likamilishe protini za kugandisha damu, na herufi hiyo K yatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya mgando. Wafarini hulizuia ini lisiirejeshe vitamini iliyokwisha kutumika katika hali ya kufaa tena. Kwa hiyo kidonge na mboga ni sahani mbili za mizani moja, na tabibu hupanga kipimo cha dawa kulingana na chakula ulichokizoea.

Tuchukue mfano wa mama akaaye Kichiwa mwenye vali ya bandia, ambaye wakati wa mvua hula bakuli moja la majani ya maboga au figiri kila siku, na ambaye kipimo chake cha INR, kionyeshacho jinsi damu inavyochelewa kuganda, kimetulia kati ya 2.5 na 3.5 kama alivyoagizwa. Iwapo jirani atamwambia kuwa mboga ni haramu kwake, naye akaziacha ghafla akabaki na ugali na viazi, baada ya siku chache kipimo chaweza kupanda hata 5, ilhali kidonge ni kilekile, na fizi zikaanza kutoka damu. Kinyume chake, aliyepangiwa dawa wakati wa kiangazi, mboga zikiwa haba, akizifululiza mvua zinyeshapo, kipimo hushuka na vali huweza kugandiwa. Basi usiziache mboga, ila ule kiasi kilekile wiki baada ya wiki, na msimu ukibadili chungu chako, nenda ukapimwe mapema.

Michubuko isiyo na sababu, fizi zitokazo damu na hedhi iliyozidi ada ni dalili za kumpasha daktari habari siku ileile. Bali kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, damu ya pua isiyokoma baada ya kuibana dakika 10, maumivu makali ya kichwa, udhaifu wa upande mmoja, au kujigonga kichwa hata pasipo jeraha, hayo yakitokea nenda hospitali papo hapo, usingoje kupambazuke.

Jihadhari na aspirini na diklofenaki zinunuliwazo kwa maumivu, wala usikithirishe ulanzi; na kila uingiapo duka la dawa, iwe Makambako au Njombe mjini, kabla hujataja ugonjwa wako, taja kwanza kwamba unatumia wafarini, kwani hata flajili na septrini huizidishia nguvu.